Wimbo Mmoja, Gigabaiti Kumi na Moja

Mtu asiyefanya kazi hii akisikia laptopu ya prodyuza imejaa, hudhani imejaa nyimbo. Lakini wimbo uliokamilika ni mwepesi. Dakika 5 za stirio, faili ya WAV ya biti 24 yenye sampuli 48,000 kwa sekunde, hazizidi megabaiti 90, na albamu nzima ya nyimbo 10 haifiki gigabaiti moja. Kinachojaza diski ni vitu vilivyotumika kuufikisha wimbo pale ulipo, vitu ambavyo msikilizaji hatavisikia kamwe na mara nyingi hata prodyuza mwenyewe hajui kwamba bado anavyo.

Nililiona hilo kwa undani nilipokuwa natengeneza albamu ya kwaya moja ya hapa Mwanza. Laptopu yangu ya wakati huo ilikuwa na diski ya GB 512 na RAM ya GB 8. Kwa kuandika barua na kutazama filamu, hiyo ni mashine nzuri. Kwa muziki wenye vayolini nyingi, kinanda, ogani, gitaa, tarumbeta na ngoma, vyote vikitoka ndani ya kompyuta, ni mashine inayohema. Kazi ilikuwa imefika nusu, Windows ikaanza kuonyesha ule mstari mwekundu chini ya diski C. Na bado nyimbo nne zilikuwa hazijarekodiwa sauti.

Kijana mmoja tuliyekuwa tunashirikiana naye studio aliangalia akasema, "Kaka, hizi ni sauti za kwaya. Watu wanarudia sana."

Ni kweli walirudia sana, ila hesabu haikumuunga mkono. Kwaya tuliirekodi kwa maikrofoni 8, kila moja na treki yake ya mono ya biti 24. Treki ya namna hiyo hula kama MB 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika 5, maikrofoni 8, ukirudiwa mara 5 mfululizo, haufiki hata GB 2. Folda ya wimbo ule ilikuwa na GB 11. Gigabaiti tisa zilikuwa mahali pengine, na hazikuwa za mtu yeyote aliyefungua mdomo mbele ya maiki.

Zilikuwa za vyombo vilivyofriziwa.

Wanaotumia Ableton Live, kama mimi, wanajua kwa nini tunafrizi. Kila chombo cha plagini hupigwa upya na kompyuta kila unapobonyeza cheza. Vikiwa vitatu au vinne hakuna neno. Vikifika 24, feni inapiga kelele kama jiko la mchina na sauti inaanza kukatika. Ndipo unabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya kwenye jina la treki, unachagua `Freeze Track`, na programu inakipiga chombo kile mara moja tangu mwanzo hadi mwisho, inaandika matokeo kwenye faili ya sauti, halafu kuanzia hapo inacheza ile faili badala ya kukisumbua chombo. Unaweza bado kupandisha na kushusha sauti ya treki au kuihamisha kushoto na kulia. Usichoweza ni kubadilisha noti wala mipangilio ya plagini, mpaka uifungue tena kwa `Unfreeze Track`.

Mzigo unaondoka kwenye prosesa, unahamia kwenye diski. Wengi tunafurahia ile nusu ya kwanza ya sentensi na kuisahau ya pili.

Na unahamia kwa ujazo mkubwa kuliko mtu anavyodhani. Live haiandiki faili ya kufrizi kwa biti 24 kama ulivyorekodi. Huiandika kwa biti 32 daima, ili kisipotee chochote cha kilichotoka kwenye chombo. Kwa sampuli 48,000, stirio, hiyo ni MB 23 kwa kila dakika. Wimbo wa dakika 5 unatoa faili ya MB 115 kwa kila chombo. Vyombo 24 vinafika karibu GB 2.8, kabla hujamrekodi mwimbaji hata mmoja.

Kinachouma zaidi ni kwamba WAV haijui ukimya. Kwenye wimbo ule kulikuwa na kengele zinazolia kwenye utangulizi na tena kwenye amina ya mwisho. Katikati hakuna kitu, dakika nne za kimya. Lakini Live hutoa faili moja kwa ajili ya mpangilio mzima wa treki, na sekunde ya kimya ndani ya WAV ina uzito uleule wa sekunde ya tarumbeta. Kengele zile, ambazo ukizijumlisha hazilii hata sekunde 20, zilikuwa na faili nene sawa na ya ogani iliyopigwa bila kupumzika.

Kuna pango jingine. Ukurasa wa `Session`, ambao watu wengi huutumia kujaribia mawazo, nao hufriziwa pamoja na treki. Kila klipu iliyopo pale inapata faili yake. Ukiwa umejaribu mitindo sita ya besi ukachagua mmoja na kuupeleka kwenye `Arrangement`, ukiifrizi treki, zile sita zote zinaandikwa kwenye diski, pamoja na ulizozikataa. Siku hizi nafuta klipu nisizozitaka kwanza, ndipo nafrizi.

Hata hivyo GB 2.8 si GB 9. Tofauti ilitoka kwa Mwalimu wa kwaya, na simlaumu, kwani ndiyo kazi yake. Vyombo vilipokuwa vimeshafriziwa vyote na kwaya imekuja kujaribu, sauti ya kwanza ilifika kwenye kiitikio ikaanza kubana koo. Mwalimu akanyanyua mkono.

"Fundi, tuushushe nusu."

Kushusha nusu toni kwenye kinanda cha kanisani ni kubonyeza kitufe. Kwangu ilikuwa kufungua kila treki yenye noti, kuzishusha, na kufrizi upya. Wiki iliyofuata akabadilisha kodi za kiitikio na kuongeza ubeti mmoja. Nikafungua tena, nikafrizi tena. Hapo ndipo penye siri ya folda ile: Live ikifrizi upya huandika faili mpya, yenye jina jipya, na haiiondoi ile ya zamani. Faili ya kwanza, ya wimbo ukiwa juu nusu toni, ilikuwa bado ipo, ingawa hakuna treki hata moja iliyokuwa inaisoma. Vizazi vitatu vya vyombo 24 ni zaidi ya GB 8. Ongeza sauti za kwaya na vipande vidogo, unapata GB 11 zako.

Kuziona ni rahisi ukijua pa kutazama. Ndani ya folda ya mradi kuna `Samples`, ndani yake `Processed`, na ndani yake `Freeze`. Faili zake huanza na neno Freeze, likifuatiwa na jina la treki na tarehe na saa kwenye mabano ya mraba. Ukitaka kupima diski nzima badala ya mradi mmoja, fungua folda inayobeba miradi yako yote, kisha andika hivi kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows:

```
Freeze*.wav
```

Zikishatokea, chagua zote na uangalie jumla yake. Kwenye albamu ile zilikaribia GB 80 kati ya GB 110 za miradi yote 10. Yule kijana alikodoa macho, akanyoosha kidole kwenye kitufe cha Delete. Nilimshika mkono.

Kilichonitia wasiwasi kilikuwa ogani ya wimbo wa tatu. Ogani ile hatukuipiga kwangu. Aliipiga mpiga kinanda mwingine, kwenye kompyuta yake, kwa maktaba ya sauti ambayo mimi sina wala sina uwezo wa kuinunua. Alipomaliza aliifrizi treki, kisha akabonyeza `Flatten`, akaniletea mradi mzima kwenye flashi. `Flatten` hugeuza treki iliyofriziwa kuwa treki ya kawaida ya sauti. Noti zinaondoka, plagini inaondoka, inabaki sauti tupu. Lakini faili inayobeba sauti hiyo ni ileile iliyotengenezwa wakati wa kufrizi, ikakaa kwenye folda ileile ya `Freeze`, na jina lake linaanza vilevile. Kwa kuitazama kwenye folda huwezi kuitofautisha na takataka zilizoizunguka, wakati kwangu hiyo ndiyo ilikuwa nakala pekee ya ogani.

Kwa hiyo jina la faili halitoshi kuwa sababu ya kuifuta. Anayejua ni faili ipi inatumika ni mradi wenyewe, na ndiye wa kuulizwa. Ndani ya Live unaingia `File`, kisha `Manage Files`, kisha `Manage Project`, halafu chini ya `Unused Files` unabonyeza `Show`. Programu inapitia kila wimbo uliohifadhiwa ndani ya mradi huo na kukuorodheshea faili ambazo hakuna anayezisoma. Unaweza kuzisikiliza moja moja kabla ya kufuta. Vizazi viwili vya zamani vilijipanga pale vyote, vyombo vikiwa juu nusu toni kama tulivyoviacha. Ogani haikuwemo kwenye orodha.

Orodha hiyo nayo ina mpaka wake, na ni vizuri kuujua. Inaangalia mradi mmoja tu. Kama uliwahi kuchukua sauti kutoka mradi A ukaiburuta kwenye mradi B bila kuinakili huko, mradi A utakwambia kwamba faili ile haitumiki, na mradi B utabaki unaitafuta. Dawa yake ni kuanza na mradi B: ufungue, nenda `File`, bonyeza `Collect All and Save`, ili kila unachokitumia kikae kwako. Baada ya hapo ndipo urudi kusafisha mradi A. Mimi huvipitia vyote kwa mpangilio huo, kukusanya kwanza na kufuta baadaye, hata pale ninapoamini hakuna kilichoazimwa.

Kwa kufuta vizazi vilivyokufa peke yake, albamu ilirudisha zaidi ya GB 50. Mstari mwekundu ukatoweka. Nyimbo nne zilizobaki zikarekodiwa, na stori ingeweza kuishia hapo kama tatizo lingekuwa moja. Lakini diski ilikuwa na mlaji mwingine aliyekaa kimya muda wote, mkubwa kuliko miradi yote: maktaba za sauti. Hizo zilikuwa zimekalia kama GB 200.

Watu huniuliza kwa nini piano moja ya kompyuta iwe nzito kuliko filamu. Fanya hesabu ya piano ya kawaida tu. Vitufe ni 88. Kila kitufe kinarekodiwa kikipigwa kwa nguvu tofauti, tuseme ngazi 8 tangu kuguswa hadi kugongwa. Yote hayo yanarudiwa mara mbili, pedali ikiwa juu na ikiwa chini. Hapo tayari una rekodi 1,408. Kila moja ikiachwa ilie hadi ififie, tuseme sekunde 15, kwa stirio ya biti 24, unapata GB 6. Sasa aliyerekodi akiweka jozi tatu za maikrofoni, moja karibu na nyuzi, moja hatua chache nyuma, moja mwisho wa ukumbi, GB 6 zinakuwa 18. Watengenezaji hupunguza kidogo kwa kubana: maktaba za Kontakt kwa mfano hutumia faili za NCW, zinazobana sauti bila kuiharibu. Lakini hata ikibanwa, idadi ya rekodi ni ileile.

Kinachozidisha ukubwa kuliko vingine ni maikrofoni. Kampuni ya Spitfire Audio ilirekodi okestra ya BBC kwenye studio za Maida Vale, London, na kuiuza kwa matoleo tofauti. Toleo dogo, Discover, ni chini ya GB 1. Toleo la Professional, lenye chaguo 20 za maikrofoni na michanganyiko yake, ni mamia ya gigabaiti. Okestra ni ileile. Mtu anayetengeneza muziki wa filamu ya sinema anaweza kuhitaji kusikia vayolini ikitokea nyuma ya ukumbi. Mimi naweka vayolini nyuma ya sauti 30 za watu wanaoimba kwa nguvu zote, kisha wimbo unachezwa kwenye spika ya bodaboda. Sijawahi kuhitaji zaidi ya chaguo moja la maikrofoni, na kwa maktaba zinazoruhusu kuchagua, kama zile zinazopakuliwa kwa programu ya SINE ya Orchestral Tools, nachukua moja na kuziacha nyingine huko huko ziliko.

Hapa niseme neno kuhusu kitufe kimoja kinachowapoteza wengi. Ndani ya Kontakt kuna `Purge`. Ukiibonyeza, idadi ya megabaiti inayoonyeshwa juu ya chombo inashuka, na nimeona vijana wakishangilia wakidhani wamepata nafasi. Nafasi waliyopata ni ya RAM. Sampuli zimeondolewa kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na kwenye diski hakijapungua kitu hata herufi moja. Ni kitufe chenye manufaa makubwa kwa mtu mwenye RAM ya GB 8, ila hakina msaada wowote kwa mstari mwekundu.

Mtu anaweza kusema, basi futa maktaba, ukiihitaji uipakue tena. Anayesema hivyo ana mtandao wa nyaya nyumbani. Mimi wakati ule nilikuwa naishi kwa bando, na maktaba ya GB 60 kwa bando si kitu cha kupakua mara mbili katika maisha. Lakini hata bei ya bando tukiiweka kando, kuna sababu nzito zaidi ya kutofuta ovyo, nayo ndiyo iliyonifanya niache kuzitazama faili za kufrizi na maktaba kama matatizo mawili.

Vinategemeana. Maktaba ikiwepo, faili ya kufrizi ni matokeo tu; ikipotea unafungua treki, unafrizi tena, unaendelea. Faili ya kufrizi ikiwepo, maktaba inaweza kuondoka na wimbo utaendelea kucheza kama kawaida, kwa sababu treki iliyofriziwa haimwiti tena mwenye sauti. Ukweli ni kwamba itacheza vizuri mno, kiasi kwamba unaweza kusahau kuwa maktaba haipo. Miezi sita baadaye Mwalimu anataka noti moja ibadilishwe, unabonyeza `Unfreeze Track`, na Kontakt inakufungulia dirisha la kusema sampuli hazionekani. Noti unazo zote na hakuna wa kuzipiga. Kwa hiyo unaweza kuondoa kimojawapo, na kabla ya kukiondoa uhakikishe kile kingine kimesimama vizuri. Na `Collect All and Save` haikuokoi hapo, kwa kuwa inakusanya sauti ambazo Live yenyewe inazisoma, kama zile za Simpler, na haiingii ndani ya maktaba za Kontakt.

Nilichofanya ni kuhamisha maktaba badala ya kuzifuta. Nilinunua diski ya nje ya SSD, na nasisitiza SSD. Kontakt haipakii rekodi nzima kwenye RAM. Inaweka kipande cha mwanzo cha kila rekodi, na ukibonyeza kitufe inakimbilia diski kuchukua iliyobaki wakati kipande kile kinalia. Diski ya zamani inayozunguka haiwahi, hasa vayolini zikiwa nyingi, na utasikia mikato. Diski ya kuzunguka ninayo pia, kubwa na ya bei nafuu, kwa ajili ya miradi iliyokwisha.

Kitu cha pili ni herufi ya diski. Windows huipa diski ya nje herufi ya kwanza iliyo wazi. Siku ukichomeka flashi ya mteja kwanza, diski yako iliyokuwa E inakuwa F, na kila maktaba inapotea kwa pamoja ingawa haijaenda popote. Ingia `Disk Management`, uipe herufi ya mbali ambayo hakuna flashi itakayoifikia. Yangu ni S. Baada ya hapo unaonyesha maktaba zilipo, mara moja tu, na hazihami tena.

Maktaba zikiwa salama kwenye S, nadharia yangu ilisema sasa hata kizazi cha mwisho cha faili za kufrizi naweza kukifuta kwenye nyimbo zilizokamilika, maana zinaweza kutengenezwa tena wakati wowote. Kabla ya kufuta niliijaribu. Nilichukua treki iliyofriziwa, nikaburuta nakala ya sauti yake kwenye treki mpya, kisha nikaifungua ile ya asili na kuifrizi upya. Sasa nina upigaji wa zamani na mpya. Kwenye mmoja niliweka kifaa cha Utility na kuwasha vitufe vyake viwili vya kugeuza fezi, nikacheza vyote pamoja. Kama sauti mbili zinalingana kabisa zinafutana, na hupaswi kusikia chochote. Besi ilifutika ikawa kimya. Piano ikafutika. Gitaa halikufutika. Kilichobaki kilikuwa mikwaruzo mingi midogo, kila uzi ulipoguswa.

Sababu yake inajulikana. Maktaba nyingi za gitaa na ngoma zina rekodi kadhaa za noti ileile, na hubadilishana kila noti inapopigwa ili isisikike kama mashine. Nyingine huongeza bahati nasibu, kuwahi kidogo hapa na kuchelewa kidogo pale. Kwa chombo cha namna hiyo, kila kufrizi ni upigaji mwingine, na hakuna namna ya kuuamuru uliopita urudi.

Nilimchezea Mwalimu gitaa zote mbili bila kumwambia ipi ni ipi, nikitarajia aseme hazina tofauti. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"La kwanza," akasema. "Hilo la pili linakimbia."

La kwanza ndilo lililokuwa kwenye wimbo aliokwisha kuupitisha. Basi faili zile za kufrizi nilizigawa kwa kipimo hicho. Vyombo vilivyofutika kwenye jaribio nilivifungua na kuacha noti peke yake, zinazokula kilobaiti chache. Gitaa na ngoma za mkono niliziweka kama sauti kwenye treki zao, nikazichagua na kubonyeza `Consolidate`, ambayo huandika faili mpya kwenye folda ya `Consolidate`, mbali na ile folda ambayo mtu mwenye haraka anaweza kuifuta kwa jina. Ogani ya wimbo wa tatu nayo niliifanyia hivyo. Treki za noti nilizibakiza chini, zimezimwa.

Albamu ilikuwa imeshapelekwa kwa mtu wa kufanya mastaringi Mwalimu alipopiga simu. Kulikuwa na noti moja ya gitaa kwenye kiitikio cha pili, ilipaswa kwenda chini na si juu. Nikamweleza kwamba noti naweza kuirekebisha, ila gitaa likipigwa upya, linapigwa lote.

"Kwa hiyo litakimbia?"

"Linaweza kukimbia, Mwalimu. Au nikate vipimo viwili tu niviunge hapo."

Alikaa kimya kidogo kwenye simu, akasema nikate. Niliwasha treki ya noti, nikabadilisha ile moja, nikafrizi, nikachukua vipimo viwili na kuviunga kwenye lile gitaa la zamani kwa `Consolidate`, kisha nikaifungua treki ya noti na kuizima tena. Faili yote mpya ilikuwa MB 115 kwa ajili ya sekunde tano. Niliipitisha kwenye `Unused Files` jioni ileile.